Bei ya Muhula na Bei ya Kipindi: Hesabu Tuliyoifanya Nyumbani Kwetu Ngong



Ndugu wasomaji, sisi ni mume na mke wazaliwa wa Mombasa tulioletwa Ngong na kazi, na huku ndiko wanetu wanakosomea. Kila tukirudi Pwani wakati wa Idi, jamaa hutuuliza swali moja: mtoto aliye katika mwaka wa mtihani wa taifa atafutiwe mwalimu wa kumfuata nyumbani, ama apelekwe kwenye tuisheni ya kundi pamoja na wenziwe? Wengi huuliza wakiwa tayari na bei mbili mkononi, na hutaka tuwaambie tu ipi nafuu. Nasi mwaka uliopita tuliuliza vivyo hivyo, tukalipa kabla ya kufahamu tunalipia nini. Tumeona tuwaandikie yaliyotupata, kwa hesabu zake, ili mwenye mtoto wa Gredi ya 9 mwaka huu apate pa kuanzia.

Binti yetu alikuwa miongoni mwa watoto wa kwanza nchini kufanya mtihani wa KJSEA, mwishoni mwa Oktoba 2025. Hawakuwa na kaka wala dada aliyewatangulia katika mtihani huo wa kuwasimulia ulivyo. Katika masomo yake tisa, manane yalikuwa yakienda kwa kiasi. Hisabati ndiyo iliyokuwa ikimrudisha nyumbani na uso ulioinama. Mwaka ule tukapitia njia tatu, moja kila muhula: kundi, kisha mwalimu wa peke yake, kisha njia ya katikati ambayo hatukuijua hapo mwanzo. Wakati wa likizo hatukutafuta mwalimu, kwa kuwa mtoto anahitaji kupumzika, na kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza wanafunzi kuwekwa katika masomo ya ziada wakati wa likizo.

Muhula wa kwanza tulimpeleka katika kundi. Lilikuwa karibu na stendi ya Ngong, kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, saa mbili kamili, ili asikose madrasa ya asubuhi. Walikuwa watoto kumi na wanne. Bei tuliyotajiwa ilikuwa shilingi 300 kwa kila Jumamosi, na kwa kuwa muhula ulianza tarehe 6 Januari na kumalizika tarehe 4 Aprili, zilihesabiwa Jumamosi kumi na mbili, jumla shilingi 3,600 zilizotakiwa mwanzoni. Tuliona ni nafuu kubwa, tukalipa bila maswali.

Muhula ulipokwisha, mama watoto alichukua kalenda ya ukutani akahesabu. Jumamosi ya kwanza mwalimu hakuwa ameanza. Tarehe 1 Machi ilikuwa katikati ya mapumziko ya nusu muhula. Jumamosi ya mwisho ya Machi ilikuwa mwishoni kabisa mwa Ramadhani, watu wakijiandaa kwa Idi, na darasa halikufanyika. Tuliyemlipia Jumamosi kumi na mbili alikuwa amesoma tisa. Gawanya 3,600 kwa tisa, utapata 400. Basi bei yetu ya kweli haikuwa shilingi 300 bali 400, na hatukuwa na wa kumlaumu, kwani siku zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwenye kalenda tangu Januari. Tungekaa nayo dakika kumi kabla ya kulipa, tungeziona.

Hesabu ya pili ilitushughulisha zaidi. Tulimwuliza binti yetu zile saa mbili hupita vipi. Akatueleza kuwa mwalimu hufundisha ubaoni kwa muda mrefu, kisha huwapa maswali na kuzunguka akitazama madaftari. Kwa makisio yake, kule kuzunguka kulichukua kama dakika arobaini. Dakika arobaini zikigawanywa kwa watoto kumi na wanne, kila mmoja hapati hata tatu. Kwa Jumamosi tisa, mwalimu alikuwa amelitazama daftari la binti yetu kwa muda usiofika nusu saa katika muhula mzima.

Hatusemi haya kulibeza kundi. Alifanya maswali mengi pale, na kukaa na wenziwe kulimwondolea ile hofu kwamba ni yeye tu asiyejua. Lakini maswali yenyewe yalitoka katika karatasi za zamani za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ambao hisabati yake ilikuwa ya maswali hamsini ya kuchagua jibu kati ya manne. Mtoto akichagua jibu lisilo sahihi, utajua amekosa, lakini hutajua amekosea wapi. Binti yetu alirudi kila Jumamosi na alama zilezile, na hakuna aliyeweza kutueleza kwa nini.

Hivyo muhula wa pili tukaamua kumtafutia mwalimu wake mwenyewe. Kijana mmoja aliyesifiwa na majirani alikubali kuja Jumatatu na Jumatano, saa moja na nusu kila mara. Alitaka shilingi 700 kwa saa, na nauli shilingi 150 kwa kila safari. Kwa hiyo kila ujio ulikuwa shilingi 1,200. Muhula ule ulikuwa wa wiki kumi na nne, tangu tarehe 28 Aprili hadi tarehe 1 Agosti. Siku mbili kwa wiki kumi na nne ni siku ishirini na nane, na mara shilingi 1,200 ni 33,600. Akaomba zote kwa pamoja, akisema wazazi wengi huanza vizuri kisha wakamwacha njiani na madeni. Tulimwelewa. Hatukuwa nazo, kwa hiyo mama watoto akakopa 20,000 katika chama chake cha akina mama, zilizobaki tukazitoa katika akiba ya mahitaji ya Idi.

Palikuwa na gharama nyingine ambayo haikuandikwa popote. Mwalimu alikuwa mwanamume, na binti yetu ameshabaleghe. Haikuwezekana wakae wawili peke yao. Tukapanga wakae kwenye meza ya sebuleni, mlango wazi, na mama awepo kuanzia saa kumi na dakika arobaini na tano hadi saa kumi na mbili na robo, kabla ya magharibi. Mama watoto hushona, na hizo ndizo saa wateja wanaporudi kutoka Nairobi na kupita kuchukua nguo zao. Kwa siku mbili kila wiki kibanda chake kilifungwa jioni. Mwenye binti anapotajiwa bei ya mwalimu wa nyumbani, na ajumlishe pia kazi itakayosimama ili mtu mzima awepo.

Kisha kalenda ikatufanyia yaleyale. Siku ya kwanza ya muhula mwalimu, ambaye pia hufundisha shuleni, hakuweza kuja. Tarehe 2 Juni ilikuwa Jumatatu ya mapumziko, kwa sababu Madaraka iliangukia Jumapili. Tarehe 25 Juni, Jumatano, yalikuwako maandamano, na matatu hazikupita. Tarehe 7 Julai, siku ya Saba Saba, ilikuwa Jumatatu, na hali ikawa hiyohiyo. Wiki ya mwisho binti yetu alikuwa katika mitihani ya shule, hivyo Jumatatu na Jumatano zake zikapotea. Na siku moja mwalimu aliugua. Hizo ni saba. Katika siku ishirini na nane tulizolipia, zilibaki ishirini na moja, na 33,600 kwa ishirini na moja ni 1,600 kwa kila ujio.

Tazameni jambo hili, ndugu zetu. Katika kundi tulipoteza siku tatu kati ya kumi na mbili, na kwa mwalimu wa peke yake siku saba kati ya ishirini na nane. Zote mbili ni robo. Na katika njia zote mbili bei ya kweli ilipanda kwa theluthi juu ya ile tuliyotajiwa. Tofauti ni kwamba robo ya kundi ilitugharimu shilingi 900, na robo ya mwalimu wa nyumbani ilitugharimu 8,400. Kadiri kipindi kinavyokuwa ghali, ndivyo masharti ya kipindi kilichopotea yanavyokuwa na uzito. Sisi hatukuwa tumeweka sharti lolote. Tulipomwuliza mwalimu kama angefidia zile siku, alijibu kwa adabu kwamba yeye alikuwa tayari, barabara ndiyo iliyofungwa. Hakuwa mwongo, nasi hatukuwa na karatasi.

Hata hivyo hasara kubwa haikuwa hiyo. Saa moja na nusu mara ishirini na moja ni zaidi ya saa thelathini na moja za mwalimu na mtoto mmoja. Ukizilinganisha na ile nusu saa ya kundi, ungetegemea mabadiliko makubwa. Lakini mtihani wa mwisho wa muhula ulipokuja, hisabati yake ilikuwa palepale, na pengine imeshuka kidogo.

Jioni moja mapema mwa Agosti, katika baridi ile ya Ngong isiyozoeleka kwa mtu wa Pwani, tulikaa na daftari lake la tuisheni tukalifungua ukurasa baada ya ukurasa. Mwalimu alikuwa akiandika kwa kalamu ya buluu, na binti yetu kwa penseli, kwa hiyo haikuwa vigumu kutenganisha. Daftari lilikuwa na kurasa arobaini zilizojaa. Kurasa ishirini na tisa zilikuwa za buluu. Mwalimu alikuwa mwenye bidii, akieleza na kukokotoa kwa hati nzuri, na mtoto akitazama. Kwa kila kurasa nne, karibu tatu zilikuwa kazi ya mwalimu. Tulikuwa tumelipa ili mtu mzima ajizoeze hisabati mbele ya binti yetu.

Tulimwita tukamwuliza kwa upole kwa nini hakuwa akimwambia mwalimu kwamba haelewi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mama, nilisikia ukimwomba mama mweka hazina wa chama zile elfu ishirini. Kila mwalimu akiniuliza kama nimeelewa, nilikuwa nikisema ndiyo. Niliona haya kupoteza pesa zenu."

Baba yake aliinuka akaenda kusimama barazani. Hatukuwa tumefikiri hata mara moja kwamba bei yenyewe ingeweza kumfunga mtoto mdomo. Katika kundi la bei nafuu alikuwa akiuliza, ingawa muda wa kujibiwa haukuwepo. Kwa mwalimu wa bei kubwa muda ulikuwepo, lakini yeye hakuthubutu. Tangu siku ile hatuzungumzi fedha za mwalimu mahali mtoto anapoweza kusikia, na tulimwambia waziwazi kwamba neno "sijaelewa" ndilo hasa tunalolilipia.

Muhula wa tatu ulikuwa mfupi, wiki tisa tu, tangu tarehe 25 Agosti hadi tarehe 24 Oktoba, na mtihani ukifuata mara moja. Wazazi wengi huchanganyikiwa hapa. Mwalimu anayetaja bei ya muhula huenda akataja ileile ya muhula wa pili, na mzazi aliyeingiwa na hofu ya mtihani hulipa bila kugundua kwamba wiki kumi na nne zimekuwa tisa.

Safari hii tulianza na mtoto, bei ikaja baadaye. Mwalimu mmoja wa kike, mstaafu anayeishi upande wa Bulbul, alikubali kuja kumtazama mara moja kabla ya kutaja bei. Hakufundisha chochote siku hiyo. Alimwandikia maswali mafupi ishirini, mengine ya madarasa ya chini, akamwachia dakika arobaini na tano, akakaa kimya akinywa chai. Hakutaka majibu ya kuchagua. Alitaka kila hatua iandikwe. Baadaye akatuita mezani atuonyeshe.

Swali moja lilitaka mteremko wa mstari unaopita katika nukta mbili, (−2, 5) na (4, −7). Binti yetu alijua vizuri kwamba hutafutwa tofauti ya namba za pili, ikagawanywa kwa tofauti ya namba za kwanza. Kanuni aliiandika sawasawa. Lakini alipofika kwenye −7 kutoa 5, aliandika −2 badala ya −12. Na kwenye 4 kutoa −2, aliandika 2 badala ya 6. Basi akapata −1, hali jibu ni −2. Mwalimu akageuza kurasa akatuonyesha kosa hilohilo katika mlinganyo, kisha katika swali la halijoto, kisha katika la hasara na faida. "Huyu hana shida ya mteremko," alisema. "Ana shida ya alama ya kutoa. Na sehemu pia zinamtatiza kidogo. Hayo mawili tu."

Tulitazamana. Kwa muhula mzima kijana yule alikuwa amemweleza mteremko mara nyingi, kwa hati nzuri ya buluu, jambo ambalo mtoto alilijua tayari. Kundi nalo lilikuwa limempa mamia ya maswali ya kuchagua, ambayo yote yalisema tu kwamba amekosa. Ugonjwa ulikuwa mmoja na mdogo, lakini ulikuwa umejificha chini ya masomo mengine yote.

Mwalimu yule ndiye aliyetufungua macho kuhusu kundi na mwalimu wa peke yake. Mtoto mwenye tundu katika msingi, alisema, anahitaji mtu wa kukaa naye karibu, lakini kwa wiki chache tu, hadi tundu lizibwe. Mtoto ambaye msingi wake u salama lakini ni mzito au husahau anahitaji mazoezi mengi, na mazoezi hayahitaji mwalimu wa peke yake, kundi linamtosha. Mzazi anayemlipia wa pili bei ya wa kwanza anatupa fedha. Na anayemweka wa kwanza katika kundi kubwa anampotezea muda.

Kisha akapendekeza jambo ambalo hatukulitarajia. Alikuwa na watoto wengine wawili katika mtaa wetu, wasichana wa Gredi ya 9 pia, mmoja akiwa na shida ya sehemu na mwingine ya uwiano. Akasema angewafundisha watatu kwa pamoja mezani petu, Jumanne na Alhamisi, saa moja na nusu. Bei yake ilikuwa shilingi 1,500 kwa kila kipindi, na nauli 150, jumla 1,650. Tukigawana watatu, kila nyumba ni 550. Kwa kuwa walikuwa wasichana watupu na mwalimu mwanamke, mama watoto alirudi kibandani kwake.

Safari hii tulikaa na kalenda kwanza. Wiki tisa kwa siku mbili ni kumi na nane. Wiki ya mwisho tuliifuta, kwani siku tatu kabla ya mtihani mtoto hahitaji jambo jipya. Zikabaki kumi na sita. Tulitazama sikukuu zilizojulikana, tarehe 10 na tarehe 20 Oktoba, tukaona hazikugusa Jumanne wala Alhamisi. Kumi na sita mara 550 ni 8,800. Hiyo ndiyo bei tuliyojiandalia, lakini hatukuilipa kwa mkupuo. Tuliandikiana kwenye karatasi moja mistari mitatu: malipo ni ya kipindi kilichofanyika, yatatumwa kwa M-Pesa kila mwisho wa wiki, kipindi kisichofanyika kwa sababu yoyote hakilipwi, mzazi akiahirisha bila kuarifu siku moja kabla, atalipa nauli. Mwalimu hakuchukia. Alisema malipo ya kila wiki humfaa kuliko fedha nyingi zinazokwisha kabla ya nusu ya muhula.

Karatasi hiyo ilitumika mara moja tu. Alhamisi ya tarehe 16 Oktoba, siku mwili wa marehemu Raila Odinga ulipowasili nchini, mwalimu hakuweza kufika. Hakukuwa na mjadala. Vikawa vipindi kumi na tano, na kila nyumba ikalipa 8,250, yaani 550 kwa kila kipindi kilichofanyika, bei ileile tuliyokubaliana siku ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka mzima kwa bei iliyotajwa na bei iliyolipwa kulingana.

Na daftari? Tulilifungua kila Ijumaa. Tulikuwa tumemwomba mwalimu jambo moja, naye akasema ndivyo afanyavyo siku zote: kila msichana afanye maswali yake mwenyewe, mwalimu asahihishe palepale, na swali lililokosewa lirudiwe kipindi kinachofuata likiwa na namba nyingine. Wiki tatu za kwanza hazikuwa na kitu ila namba hasi na sehemu, hadi binti yetu akalalamika kwamba anafundishwa kama mtoto mdogo. Wiki ya nne mwalimu alimrudishia lile swali la mteremko. Alilimaliza akaliandikia jibu kabla ya chai kupoa. Tangu hapo wakaingia katika karatasi za mfano zilizotolewa na Baraza la Mitihani lenyewe, na zile za KCPE zikawekwa kando.

Sasa tuseme na mipaka ya jambo hili, ili asije mtu akauza shamba kwa ajili ya tuisheni. Kwa kundi lile la mwaka 2025, karatasi za KJSEA zilikuwa na uzito wa asilimia 60 tu katika matokeo ya mwisho. Asilimia 20 zilitokana na KPSEA, mtihani walioufanya wakiwa Gredi ya 6 mwaka 2022, na asilimia 20 zilitokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba mtoto alipoanza mwaka wa mtihani, sehemu mbili katika tano zilikuwa zimekwisha kufungwa. Mwalimu akimwongezea mtoto alama 15 kwa mia katika karatasi ya mtihani, na hilo ni jambo kubwa, zinazofika katika matokeo ni 9. Kijana wetu wa muhula wa pili alituahidi kumtoa chini hadi kileleni. Lau tungeijua hesabu hii, tungejua kwamba ahadi hiyo haikuwa mikononi mwake. Mwenye mtoto wa Gredi ya 7 leo na aitazame tathmini ya shule kwa macho makali zaidi, kwa sababu hiyo ni ya bure na tayari inahesabiwa.

Matokeo yalitoka Disemba. Katika mpangilio mpya wa ngazi nane, ambapo ngazi ya juu hupewa pointi 8 na ya chini pointi 1, binti yetu alipata pointi 5 katika hisabati, yaani amefikia matarajio, ngazi ya pili yake. Shuleni mwezi wa Julai alikuwa akipewa ngazi ya pointi 3. Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba ni vile vipindi kumi na tano vilivyofanya hivyo. Huenda pia ni kukua kwake, au ni kule kutoona haya tena. Sasa yuko Gredi ya 10, na deni la chama lililipwa Novemba.

Tulipojumlisha mwaka mzima, tulikuwa tumetumia 3,600, na 33,600, na 8,250, jumla shilingi 45,450. Kama tungeanza Januari na yale maswali ishirini na kikombe cha chai, pengine tungehitaji zile 8,250 pekee, kisha kundi la Jumamosi kwa ajili ya mazoezi.

Bei za Mombasa, Malindi au Lamu zitakuwa nyingine, wala hizi zetu msizichukue kama kipimo. Hesabu yenyewe inaweza kufanywa popote. Mpimeni mtoto kwanza kwa kazi iliyoandikwa hatua kwa hatua, mjue ana tundu au ana upungufu wa mazoezi. Kaeni na kalenda mfute siku ambazo hazitafanyika, Ramadhani na Idi zikiwemo, kisha mgawe bei kwa siku zilizobaki. Lipeni kwa kipindi. Na baada ya wiki mbili fungueni daftari mtazame ni hati ya nani iliyojaa humo.

Bibi yake alipopiga simu kutoka Mombasa baada ya matokeo, alimwuliza mjukuu wake ni mwalimu gani aliyemfaa zaidi. Binti yetu alifikiri kidogo, akajibu, "Yule aliyeninyamazia, Bibi."